Barua Inayotangulia Wageni

Basi la wanafunzi linaposimama mbele ya lango la mtambo wa umeme, mapokezi yake yanakuwa yameshaamuliwa zamani. Mlinzi ana orodha ya majina au hana. Kofia ngumu zinawatosha wote, au wawili watabaki ofisini wakiwasubiri wenzao. Jikoni wamepika kwa hesabu au wamekisia. Yote hayo hutegemea barua pepe moja iliyopaswa kutumwa wiki tatu kabla, na mara nyingi barua hiyo huandikwa kwa haraka, ikajaa shukrani na heshima, ikasahau kusema basi lina watu wangapi.

Nimesoma nyingi za namna hiyo, zinazotoka vyuoni, halmashauri na vikundi vya kijamii, na kasoro yao kubwa ni moja. Mwandishi humfikiria msomaji mmoja, yule bosi anayeombwa ruhusa, ilhali bosi akishasema ndiyo barua inaendelea na safari. Inakwenda kwa mlinzi wa lango, kwa afisa usalama, kwa mhandisi atakayewatembeza wageni, na kwa mpishi. Kila mmoja hutafuta ndani yake mistari michache inayohusu kazi yake. Asipoiona, atauliza au atakisia, na wengi hukisia.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Chuo cha ufundi kilichoko Arusha kinataka kuwapeleka wanafunzi wa mwaka wa pili Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, kuona umeme unavyozalishwa kwa jotoardhi. Chuo ni cha kubuni, ila Olkaria ni halisi: mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981, na leo jotoardhi huipa Kenya umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote. Tanzania nayo inautafuta mvuke huo huko Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya, kwa hiyo vijana hawa wana sababu ya kweli ya kufunga safari. Wanafunzi ni 18, walimu 2, dereva na utingo wake. Siku ya ziara ni Jumatano, tarehe 11 Machi 2026.

Barua yao inaanzia kwenye mstari wa mada, na mstari huo una kazi. Ukiandika "Ombi la ziara", barua itazama katikati ya nyingine ishirini zenye mada hiyohiyo. Mwalimu wetu ameandika hivi: "Ziara ya mafunzo Olkaria, Jumatano 11 Machi 2026, watu 22, tunaomba jibu kabla ya 25 Februari." Aliyeipokea hajaifungua na tayari anajua siku, ukubwa wa msafara na muda alionao wa kujibu. Akitaka kumpelekea afisa usalama, mada hiyohiyo inatosha kuwa maelezo.

Aya ya kwanza ya barua inasema wageni ni nani na wanataka kuona nini. Hapa ndipo neno "kujifunza" linapotumika kama pazia. Mwenyeji anayesoma kwamba wanafunzi wanakuja kujifunza atawapa matembezi ya kawaida, yale anayowapa wageni wa kila aina, ya kusimama juu ya kilima na kuoneshwa mabomba kwa mbali. Mwalimu wetu ameandika: "Wanafunzi wanasoma ufundi mitambo. Wameshasoma darasani namna mvuke unavyotengwa na maji moto, na namna unavyozungusha turbini. Tungependa waone kichwa cha kisima, kitenganishi, ukumbi wa turbini na mnara wa kupozea, kwa mpangilio huo ikiwezekana. Kama siku hiyo kuna mtambo uliosimamishwa kwa matengenezo, tungeomba sana kuuona."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote katika aya hiyo. Turbini inayofanya kazi imefunikwa, na mgeni huona kasha kubwa la chuma lenye kelele. Ikifunguliwa kwa matengenezo, mapanga yake yanaonekana, pamoja na silika na chumvi za ardhini zilizoganda juu yake, ambazo ni mojawapo ya matatizo makuu ya umeme wa jotoardhi. Mwenyeji hawezi kujua kwamba unatamani kuona jambo hilo. Anaweza hata kudhani kwamba mtambo uliosimama ni aibu kuuonesha. Ukiomba, mhandisi atafurahi.

Sasa orodha ya watu. Barua ina hesabu tatu, na zote tatu zinatofautiana. Watakaosafiri ni 22. Watakaoingia kwenye mitambo ni 20, kwa sababu dereva na utingo watabaki na gari. Watakaokula mchana ni 16, kwa sababu nitakazozieleza mbele. Mwalimu asiyezitenganisha ataandika "watu kama ishirini hivi", na kila msomaji wa barua atachukua namba anayoitaka: stoo watatoa kofia 20, jikoni watapika sahani 20, dereva atakaa na njaa au sahani nne zitamwagwa. Katika ziara nyingi anayesahaulika ni dereva. Ametoka kitandani kabla ya wote na ndiye atakayebeba uhai wa wote barabarani jioni, halafu jina lake halimo kwenye orodha ya chakula.

Majina yanawekwa kwenye kiambatisho, kila mtu na cheo chake, mwanafunzi au mwalimu, yakiandikwa sawasawa na yalivyo kwenye pasipoti. Mtu anayeitwa Mama Neema chuoni na Anastazia kwenye pasipoti atasimamishwa langoni. Namba za pasipoti hazitumwi mpaka mwenyeji aziombe, na akiziomba zinapelekwa kwa mtu mmoja aliyetajwa, si kwa anwani zote kumi zilizomo kwenye barua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za watu akusanye zile tu anazozihitaji kwa kazi aliyoitaja. Kwa mwalimu maana yake ni kwamba hana ruhusa ya kutawanya pasipoti za wanafunzi wake kwa sababu tu ni rahisi kuzituma.

Kwenye orodha hiyo mwalimu ameongeza jambo ambalo wengi hawalifikirii: amewagawa wanafunzi katika makundi mawili, A na B, kila moja watu tisa na mwalimu mmoja. Ndani ya ukumbi wa turbini watu wamevaa vikinga masikio, na sauti ya mwelezaji haifiki mbali. Watu ishirini wakimfuata mhandisi mmoja, sita wa mbele watasikia na waliobaki watapiga picha. Chumba cha udhibiti nacho ni mahali pa kazi, watu wamekaa mbele ya skrini wakiangalia mtambo unaoendelea kuzalisha, na umati ukijaa mgongoni mwao ni usumbufu wa kweli. Makundi yakishagawanywa chuoni, mwenyeji atapanga wahandisi wawili tangu mapema. Yakigawanywa langoni, marafiki watang'ang'ania kuwa pamoja na nusu saa itapotea.

Ratiba ndiyo sehemu ambayo sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunapaswa kuwa waangalifu kuliko watu wengine. Tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, ilhali kompyuta, tiketi na kalenda za ofisi zinahesabu tangu usiku wa manane. Mwalimu akiandika "tutafika saa 8", mwenyeji mmoja atasubiri saa mbili asubuhi na mwingine atasubiri alasiri, na wote wawili wana haki. Dawa yake ni kuandika saa zote mbili, kila mara, bila kuona kwamba ni kujirudia. Ratiba ya Jumatano katika barua yetu imekaa hivi:

"Saa 1:30 asubuhi (07:30) tunaondoka hotelini Naivasha. Saa 2:30 (08:30) tunafika langoni. Saa 3:00 (09:00) maelezo ya usalama na kugawiwa vifaa. Saa 3:45 (09:45) hadi saa 6:15 (12:15) matembezi, makundi yakibadilishana katikati. Saa 6:30 mchana (12:30) chakula kwa wanaokula na swala kwa wanaoswali. Saa 7:30 (13:30) maswali na majibu. Saa 8:45 (14:45) tunaondoka."

Ukiitazama ratiba hiyo kwa makini utaona kwamba ina nafasi ndani yake. Safari ya asubuhi imepewa saa nzima, kisha kuna nusu saa kabla ya maelezo ya usalama. Hiyo ni nafasi ya foleni langoni, ya choo, na ya mwanafunzi aliyesahau kitambulisho. Pia utaona kwamba kundi halikutoka Arusha siku hiyohiyo. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, kutoka Namanga hadi Nairobi zipatazo 160, kisha kuna kuivuka Nairobi yenyewe na kuteremka Bonde la Ufa hadi Naivasha. Mpakani Namanga nchi zote mbili hufanya kazi katika kituo kimoja cha pamoja, lakini watu 22 wenye pasipoti 22 na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano hawapiti kwa dakika tano. Kwa hiyo wanasafiri Jumanne, wanalala Naivasha, na barua inamwambia mwenyeji hivyo. Anapojua kwamba wageni wamelala mji wa jirani, hana wasiwasi wa kuwapangia wahandisi saa tatu asubuhi. Akijua kwamba wanatoka Arusha usiku, kila mwenye busara atawapangia mchana, na nusu ya ziara imekwisha.

Swali moja la njia lazima liulizwe humohumo. Sehemu ya mitambo ya Olkaria imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, na hifadhi hiyo ina lango la Elsa na lango la Olkaria, yaliyo mbali kwa mbali. Mwalimu ameandika: "Tafadhali tuelekezeni lango la kutumia, na kama tutahitaji kulipia kiingilio cha hifadhi." Bila sentensi hiyo basi litafuata ramani ya simu hadi lango lililo karibu, na mhandisi atakuwa amesimama kwenye lile jingine.

Kuna jaribu linaloambatana na hifadhi hiyo. Watu wakishafika Hell's Gate wanataka kuliona korongo lake maarufu, na mwalimu mwema huwaza kulichomeka kwenye saa za alasiri. Korongo hilo lina historia ya maji ya ghafla: mvua hunyesha mbali, juu angani ni kweupe, na mkondo unashuka kwa nguvu kati ya kuta za mawe. Septemba 2019 wageni waliokuwa wakitembea humo walizolewa na maji, baadhi yao wakafa, na msiba wa namna hiyohiyo ulishatokea mwaka 2012. Machi ndiyo mwezi ambao mvua za masika huanza. Barua ya mwalimu wetu inasema wazi kwamba baada ya saa 8:45 kundi linarudi hotelini moja kwa moja. Kama angetaka matembezi ya korongoni, yangehitaji mpango wake, mwongoza wageni wa hifadhi na ruhusa ya wazazi, kwa sababu mwenyeji wa mtambo hana usimamizi wowote huko.

Tufike kwenye usalama, ambako ndiko ningependa msomaji akae zaidi. Makosa ya kawaida ni kuandika "tutazingatia taratibu zote za usalama", maneno yasiyompa afisa usalama kitu chochote cha kufanyia kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inalenga kuwakinga pia watu wasiofanya kazi mahali hapo, wageni wakiwemo. Afisa huyo basi anabeba dhamana juu ya watu asiowajua. Anachohitaji kutoka kwenu ni miili yenu ilivyo, mavazi yenu, na maswali yanayoonesha kwamba mmejua mnakokwenda.

Mvuke wa ardhini huja na gesi, na inayotisha zaidi ni haidrojeni salfaidi. Haina rangi. Ni nzito kidogo kuliko hewa, kwa hiyo hutuama kwenye mashimo na sehemu za chini, kama lile shimo la zege linalozunguka kichwa cha kisima. Ikiwa kidogo sana hunuka kama yai viza, na kila anayetembelea eneo la jotoardhi huisikia. Hatari yake ni kwamba inapofika kiasi cha sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi na harufu inatoweka. Mgeni hudhani gesi imeondoka, kumbe imezidi. Ndiyo maana watu wa kazi hizi hawategemei pua, hubeba kipimo kidogo kifuani kinacholia gesi inapopanda, na kwenye eneo huwekwa mfuko wa kitambaa unaoonesha upepo unakoelekea, ili watu wakimbie kuukabili upepo au kuukata, wasikimbie pamoja na gesi.

Kwa hiyo barua inauliza: "Nani atabeba kipimo cha gesi katika kila kundi? Mahali pa kukusanyika wakati wa dharura ni wapi? Basi letu liegeshwe wapi?" Swali la basi linaonekana dogo. Gari huegeshwa likiangalia njia ya kutokea, ili likihitajika kuondoka kwa haraka lisianze kurudi nyuma katikati ya watu, na dereva huambiwa abaki na funguo. Ukiliuliza kwenye barua, dereva wako atapewa nafasi inayofaa badala ya kusukumwa nyuma ya malori.

Baada ya gesi kuna kelele na kuna joto. Kisima kinachojaribiwa hutoa mvuke kwa mngurumo unaopita kwa mbali desibeli 85, kiwango ambacho juu yake masikio huhitaji kinga mtu akikaa siku nzima. Mabomba ya mvuke yamevikwa koti la kuzuia joto, lakini vali na viungio vingine viko wazi, na mkono uliowekwa kwa kuegemea unaungua. Kwa hiyo mavazi: suruali ndefu, mikono mirefu, viatu vilivyofunika mguu mzima na visivyoteleza. Mwalimu ameandika: "Tunakuja na viatu vyetu vya karakana, vyenye chuma puani, watu wote 20. Tunaomba kofia ngumu, vizibao vya kuakisi na vikinga masikio kwa watu 20." Kofia hurekebishika kwa kila kichwa na mwenyeji huwa nazo za ziada. Viatu vina saizi, na hakuna stoo yenye saizi za wageni wote. Kama kundi lenu halina viatu vya kazi, tuma orodha ya saizi pamoja na ombi, au nunueni.

Wasichana watano katika kundi wanavaa hijabu, na barua inalisema hilo bila kuona haya: "Wanafunzi watano wanavaa hijabu. Watavaa zile fupi zinazobana, ncha zikiwa ndani ya kizibao, na kofia juu yake. Kama mna utaratibu tofauti, tafadhali tuambieni mapema." Nguo inayoning'inia karibu na mashine inayozunguka ni hatari, iwe shela, tai au kanga. Jambo hilo likizungumzwa wiki tatu kabla ni la kiufundi. Likizungumzwa mlangoni mwa karakana, mbele ya wenzake, msichana hudhalilika na mara nyingi huamua kubaki nje.

Halafu kuna afya. Kabla ya kuandika barua mwalimu aliwauliza wanafunzi, mmoja mmoja, kwa faragha, maswali machache: una pumu, kifafa, kisukari, ujauzito, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, hofu ya kupanda ngazi ndefu? Maswali hayo hayakuokotwa hovyo. Gesi huamsha pumu. Sumaku kali karibu na jenereta inaweza kuvuruga kifaa cha moyo. Mnara wa kupozea hufikiwa kwa ngazi za chuma ambazo mtu anaona chini kupitia miguu yake. Majibu hayakuingia kwenye barua yenye anwani nyingi. Barua yenyewe inasema tu: "Wapo wanafunzi wawili wenye pumu na mmoja mwenye kisukari anayetumia insulini. Majina yao tutampa afisa usalama peke yake, kwa simu, wao wenyewe wakiwa wamekubali." Hesabu inamtosha kila mtu kupanga, na jina linamfikia yule mmoja tu mwenye kulihitaji.

Mwanafunzi mwenye kisukari anatuleta kwenye chakula, na hapa mambo hugusana kuliko watu wanavyodhani. Kwenye ratiba atakula saa 6:30 mchana. Lakini matembezi yanaweza kuchelewa, na mtu aliyejichoma insulini asubuhi akichelewa kula sukari yake hushuka: anatetemeka, anatoka jasho, maneno yanamchanganyika, na katika kelele ya turbini hakuna atakayelitambua hilo mapema. Ana biskuti na juisi mfukoni, ila maeneo mengi ya mitambo hayaruhusu kula ndani. Kwa hiyo barua inauliza: "Ni wapi mwanafunzi anaweza kula kitu kidogo saa 4:30 asubuhi (10:30), makundi yanapobadilishana?" Jibu ni rahisi kutolewa, mradi swali liulizwe.

Tarehe 11 Machi 2026 inaangukia ndani ya Ramadhani. Kati ya watu 22, sita wamesema watafunga. Ndiyo sababu sahani ni 16. Lakini msafiri ana ruhusa ya dini kutofunga na kulipa baadaye, na mwanamke ana siku zake, kwa hiyo mtu aliyesema atafunga anaweza kula siku hiyo, na hatakiwi kueleza. Mwalimu ameliweka jambo hilo kwa adabu: "Tunaomba chakula cha watu 16. Idadi inaweza kuongezeka kwa watu wawili au watatu. Tutawathibitishia usiku wa kuamkia ziara." Mpishi akijua hivyo ataacha nafasi kwenye sufuria. Wanaofunga nao wanahitaji kupangiwa, kwa sababu saa ya chakula ya wenzao isiwe saa ya kuzurura juani. Barua inaomba chumba chenye kivuli cha kupumzika na mahali pa kuswali adhuhuri, pamoja na maji ya kutawadhia. Futari ni hotelini, magharibi inapoingia yapata saa 12:50 jioni, na haimhusu mwenyeji, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini kundi haliwezi kukubali kukaa hadi jioni hata likibembelezwa.

Kwa wanaokula, barua inaomba nyama yote iwe halali, kwani ni rahisi kupika chungu kimoja kinacholiwa na wote kuliko kutenganisha vyungu. Wawili hawali nyama kabisa, na barua inaongeza kwamba mchuzi wa nyama uliotolewa vipande vya nyama bado ni mchuzi wa nyama. Maharagwe na sukuma wiki vinawatosha. Mmoja ana mzio wa karanga, na hilo limeandikwa kwa namna ambayo mpishi ataielewa: "Akila karanga hata kidogo koo lake huvimba na anaweza kushindwa kupumua. Tafadhali msitumie karanga wala mafuta yake katika chakula chochote siku hiyo, wala mwiko uliogusa karanga." Ukiandika "hali karanga", mpishi atafikiri ni suala la kupenda na kutopenda, atamtolea sahani iliyochotwa pembeni ya mboga iliyoungwa kwa karanga. Kwenye mapishi yetu karanga hujificha ndani ya mchicha na kisamvu, haionekani. Mwanafunzi huyo anabeba dawa yake, na mwalimu wa kundi lake anajua mahali ilipo.

Kuna mstari mmoja wa chakula ambao waandishi wengi huona aibu kuuandika: nani analipa. Mwenyeji wa Kiafrika hawezi kuuliza. Atapika, na huenda akakopa bajeti ya idara nyingine ili asionekane mchoyo. Mwalimu amemwondolea mzigo huo: "Gharama ya chakula italipwa na chuo. Tafadhali tutumieni bei kwa sahani na namna ya kulipia." Kama mwenyeji anataka kukirimu, atasema mwenyewe.

Barua inamalizika kwa kuomba majibu manne yaliyotajwa waziwazi: lango la kuingilia, jina na simu ya mtu atakayewapokea, idadi ya vifaa vya usalama vilivyopo, na bei ya chakula. Inaongeza swali la picha, kwa kuwa mitambo ya umeme ni eneo linalolindwa, na inaahidi kwamba hakuna atakayekuja na ndege ndogo ya kupigia picha. Mwalimu anahitaji majibu hayo manne kwa sababu ya ukarimu wetu wenyewe. Jibu la kawaida la barua ya ziara ni "Karibuni sana", na maneno hayo mema hayathibitishi siku, wala lango, wala kofia. Nimeona makundi yakisafiri kwa nguvu ya "Karibuni sana" na kukuta ofisi iko kwenye kikao cha robo mwaka. Ukijibiwa hivyo, shukuru, kisha uliza tena yale manne, na kama siku tatu kabla ya safari bado hayajajibiwa, piga simu. Huko si kusumbua. Anayesumbua ni yule anayefika langoni na watu 22 wasiotarajiwa.

Usiku wa Jumanne, kutoka Naivasha, unatumwa ujumbe mmoja mfupi wenye mambo mawili tu: "Tumeshafika salama. Watakaokula kesho ni 17." Jikoni wanaongeza sahani moja. Mabadiliko mengine yoyote, kama mwanafunzi aliyeugua akabaki Arusha, yanaandikwa hapohapo, ili idadi iliyoko langoni na iliyoko kwenye mahali pa kukusanyika zilingane. Kengele ya gesi ikilia na watu wakahesabiwa 19 wakati orodha inasema 20, mtu wa uokoaji atarudi ndani kumtafuta mwanafunzi ambaye yuko kitandani Arusha.

Ukiwa wewe ndiye mwenye kupeleka kundi, ichapishe barua hiyo pamoja na orodha yake, nakala moja ukae nayo, ya pili umpe mwalimu wa kundi jingine, na ya tatu umpe dereva.